Ukungu ukae nyuma, vumbi likae chini

Zana nyingi za kutengeneza picha kwa akili mnemba zikipewa neno ukungu hufanya jambo moja: zinatandaza weupe juu ya picha nzima, kuanzia pua ya mhusika hadi mti wa mwisho kule nyuma. Ukiongeza kwamba ukungu ni mzito, weupe unazidi kila mahali kwa kipimo kilekile. Ukisema ni mwepesi, unapungua kila mahali kwa kipimo kilekile. Mtu anabaki akihangaika na vivumishi, na mwisho wa siku anachagua kati ya picha mbili ambazo zote hazimfai: moja haina hali ya hewa, nyingine haina mhusika.

Ninavyoona mimi, suala la kiasi lisubiri kwanza. Modeli inatakiwa kuambiwa ukungu uko sehemu gani ya picha, unagusa nini, na unaacha nini. Mvua ni hivyohivyo, na vumbi pia, ila kila kimoja kina tabia yake, na tabia hizo hazikuanzia kwenye kompyuta. Ziko nje, kwenye hewa yenyewe.

Nitatumia picha moja tu kote humu ili tusipotee. Mzee anasukuma baiskeli kwenye barabara iliyonyooka, yenye miti pande zote mbili. Amevaa kofia nyeusi yenye ukingo mpana na koti la buluu. Yuko kama mita 4 kutoka kwenye kamera, anakuja upande wetu kidogo kwa pembeni. Tunataka uso wake usomeke, na tunataka mtazamaji asiwe na shaka yoyote kuhusu hali ya hewa.

Tuanze na ukungu, maana ndio wenye hesabu nzuri kuliko wenzake.

Watabiri wa hali ya hewa huita ukungu pale ambapo huoni zaidi ya kilomita 1. Ndani ya ukungu huo, tofauti kati ya kitu cheusi na weupe ulio nyuma yake hupungua kadiri kitu kinavyokwenda mbali, na haipungui kwa mstari ulionyooka. Inaporomoka haraka mwanzoni, kisha inakwisha polepole. Chukua ukungu ambao mwisho wa kuona ni mita 100. Mzee wetu aliye mita 4 anabaki na takriban asilimia 86 ya tofauti yake ya giza na mwanga. Mti ulio mita 20 unabaki na asilimia 46. Ule wa mita 50 una asilimia 14, na wa mita 80 una 4, yaani ni kivuli ambacho jicho linakikisia zaidi kuliko kukiona. Ukungu huo ni mzito kweli, dereva yeyote angepunguza mwendo, lakini uso wa mzee haujapata dhara lolote la maana.

Sasa shusha mwisho wa kuona hadi mita 20. Mzee palepale mita 4 anashuka hadi asilimia 46. Hajasogea hata hatua moja, na tayari ameanza kuyeyuka. Hapa ndipo prompti, yaani maelezo unayoiandikia modeli, za "dense fog" na "thick fog" zinapokupeleka, kwa sababu picha nyingi zenye maelezo hayo ni zile ambazo karibu kila kitu kimemezwa.

Kwa hiyo kinachoamua ni uwiano wa umbali: mwisho wa kuona ukigawanywa kwa umbali wa mhusika. Ukiwa karibu na 20 au 25, una mhusika na una ukungu. Ukiwa 5, una ukungu tu. Ndiyo maana dawa ya kwanza ya picha yenye ukungu unaoficha ni kumsogeza mhusika karibu na kamera na kuipa picha kina kirefu nyuma yake. Mtu aliyesimama mbele ya ukuta hawezi kuwa na ukungu wa kuaminika, hata uandike nini. Hakuna umbali wa ukungu kufanyia kazi, basi modeli inaumwaga juu ya mtu mwenyewe.

Bahati mbaya modeli haipimi mita. Ukiandika "visibility 100 meters" itakuelewa kwa kubahatisha. Inachokielewa vizuri ni vitu vinavyoonekana, kwa hiyo hesabu yote ile lazima igeuzwe kuwa maelezo ya vitu: mti wa karibu uko wazi, inayofuata ni ya kijivu laini, mwisho wa barabara umetoweka. Mimi huandika prompti zenyewe kwa Kiingereza, kwa kuwa modeli nyingi zimefunzwa zaidi kwa maelezo ya lugha hiyo:

```
old man pushing a bicycle toward camera, wide black hat,
blue jacket, face sharp and clear, tree-lined road,
nearest trunks dark, farther trees soft gray silhouettes,
far end of the road lost in fog
```

Angalia neno "fog" liko wapi. Limetokea mara moja tu, mwishoni, na limefungwa kwenye mwisho wa barabara. Mhusika ametangulia na amepewa vitu vyake vyote kabla hali ya hewa haijatajwa. Katika zana nyingi maneno ya mwanzo yana uzito zaidi, na hata pale ambapo mpangilio hauna nguvu sana, neno lililofungwa kwenye kitu fulani hufuata kitu hicho vizuri kuliko neno linaloelea peke yake kama "foggy atmosphere". Hilo la mwisho ni la kuepukwa kabisa. "Atmosphere" haina mahali, kwa hiyo inakwenda kila mahali.

Kofia nyeusi nayo haikuwekwa kwa urembo. Ukungu unajulikana kwa kile unachokifanyia weusi. Mhusika akiwa na kitu cheusi kweli, na nyuma yake kukawa hakuna weusi wowote, jicho linapima umbali lenyewe bila kuambiwa. Mhusika aliyevaa kijivu na nyeupe kwenye ukungu unamtafutia balaa.

Namna ya kukagua ni rahisi. Fungua picha kwenye programu yoyote ya kuhariri, chukua kile kidude cha kuchota rangi, bonyeza kwenye tairi au kofia, kisha kwenye shina la karibu, kisha kwenye mti wa mbali, kisha kwenye anga. Kila piseli ina namba kuanzia 0, ambayo ni nyeusi tii, hadi 255, nyeupe kabisa. Picha iliyokaa sawa itakupa ngazi: kofia iko kwenye 20 au 30, shina la karibu 70, mti wa mbali 160, anga 190. Ukikuta kofia ina 95 na mti wa mbali una 120, huna ukungu, una shuka jeupe lililotandikwa juu ya picha, na kuongeza kontrasti kwa mkono hakutasaidia kwa sababu miti ya nyuma itarudi kuwa wazi pamoja na kofia.

Kuna wanaojaribu njia ya mkato ya kukataza. Wanaandika "no fog on his face". Modeli nyingi, hasa zile zenye kisoma-maandishi cha zamani, hazijui kukanusha; zinaona ukungu na uso vimewekwa jirani, zinakuletea ukungu usoni. Sema unachokitaka: "face sharp and clear". Kama zana yako ina kisanduku cha prompti hasi, au alama kama `--no` ya Midjourney, weka humo majina ya kasoro kama "hazy face", wala usiweke neno "fog" lenyewe, maana utaufuta hata ule uliokuwa unautaka kule nyuma.

Kwa wanaotumia Stable Diffusion kupitia kiolesura cha AUTOMATIC1111 kuna mbinu ambayo naipenda kuliko zote, na nashangaa haisemwi sana. Picha hizi hujengwa kwa hatua, kutoka kwenye chengachenga hadi kitu kamili. Hatua za mwanzo ndizo zinazopanga maumbo makubwa: mtu yuko wapi, giza liko wapi, mwanga uko wapi. Hatua za mwisho zinashughulikia nyuzi za kitambaa na mikunjo ya ngozi. Mabano ya mraba yanakuruhusu kuchelewesha neno lisianze kusomwa tangu mwanzo:

```
old man pushing a bicycle, wide black hat, blue jacket,
tree-lined road, [fog between the distant trees:0.25]
```

Kwenye hatua 30, namba 0.25 maana yake ukungu unaingia baada ya hatua ya 7. Kufikia hapo mzee ameshasimama imara na kofia yake imeshakuwa nyeusi, na ukungu unapokuja unakuta nafasi iliyobaki ni ya nyuma. Ukipandisha hadi 0.6 utaona kasoro ya upande wa pili: miti ya mbali imeshakuwa na majani na magome, ukungu hauna tena uwezo wa kuifuta, unabaki utando mwembamba usio na kina. Kati ya 0.2 na 0.35 ndipo penye uhai. Na kwa zile modeli za haraka zinazomaliza kazi kwa hatua 4, sahau mbinu hii, hakuna nafasi ya kugawanya.

Mvua ni habari nyingine kabisa.

Ukungu unafuata umbali. Mvua inafuata mwanga. Tone la mvua ni kama kioo kidogo kinachopita: linaonekana pale tu linapokamata mwanga kutoka nyuma au pembeni, na pale lilipo na kitu cha giza nyuma yake. Mvua kubwa ikinyesha mbele ya anga jeupe huioni kwenye picha, wala haijalishi inanyesha kiasi gani. Modeli nayo haijui hili hadi uiambie, na ukiiambia "heavy rain" bila zaidi, inakuchorea mikwaruzo myeupe ya urefu mmoja kila mahali, mingine ikipita juu ya macho ya mzee kama vile picha imechanwa kwa msumari. Au inakupa matone kwenye lenzi, jambo ambalo wengine hulipenda. Mimi silipendi, matone kwenye lenzi yanazungumzia kamera, hayamhusu mzee.

Tone la milimita 2 huanguka kwa kasi ya mita 6 na nusu hivi kwa sekunde. Kamera ikifungua kwa sekunde 1/60, tone hilo linachora mstari wa sentimita 11 hivi. Ikifungua kwa 1/1000, mstari unakuwa milimita 6 na nusu, karibu na nukta. Watafiti Kshitiz Garg na Shree Nayar wa Chuo Kikuu cha Columbia walionyesha mwaka 2005 kwamba mvua ileile inaweza kuonekana au karibu kutoweka kwenye picha kwa kubadilisha tu muda wa kufungua na upana wa tundu la lenzi. Wao walitaka kuiondoa mvua ili kamera za kompyuta zione vizuri. Sisi tunaweza kuyasoma matokeo yao kinyumenyume: mvua iliyo karibu sana na kamera, kwa tundu lililo wazi sana, hutawanyika mpaka haionekani, na ile iliyo kwenye umbali wa mhusika na nyuma yake kidogo ndiyo inayobaki. Hivyo ndivyo tunavyotaka.

Kwa hiyo kwenye prompti ya mvua naiweka mistari nyuma ya mzee, mbele ya miti ya giza, na mwanga utoke nyuma. Halafu, na hapa ndipo pa kukaa muda mrefu, mvua yenyewe naihamishia kwenye vitu inavyovigusa. Mvua kubwa inajulikana chini kuliko inavyojulikana hewani. Lami inakuwa kioo kinachoakisi anga. Kila tone linapopiga kwenye maji yaliyotuama linarusha taji dogo. Magurudumu yanaburuta maji. Koti la buluu linakuwa buluu ya giza mabegani, ambako limelowa, na linabaki buluu ya kawaida chini ya kwapa. Kitambaa kilicholowa huwa cheusi zaidi, kwa sababu maji yanajaza vitundu vya nyuzi na mwanga unazama badala ya kurudi. Na ukingo wa kofia unatiririsha maji.

Ule ukingo ndio uliosababisha nichague kofia tangu mwanzo. Unaupa uso sababu ya kuwa mkavu na wazi. Mtazamaji anaona maji yakidondoka sentimita chache mbele ya pua, anajua mvua ni kubwa, na bado macho ya mzee yanamtazama bila kizuizi. Kama mhusika wako hana kofia, mpe kofia ya koti, mwavuli, au tawi la mti juu yake. Bila kinga yoyote, modeli inalazimika kuchagua kati ya uso mkavu usioaminika na uso uliochanwachanwa.

```
old man pushing a bicycle, wide black hat, water dripping
from the brim, face sharp under it, shoulders soaked dark,
backlit rain streaks against dark trees behind him,
splashes around the wheels, mirror-wet road
```

Neno "heavy" halimo, na picha inakuja na mvua kubwa kuliko ungeliandika. Kinachobaki ni kukagua pembe. Tone linaloanguka kwa mita 6 na nusu kwa sekunde likisukumwa na upepo wa kasi hiyohiyo, mstari wake unalala kwa digrii 45. Upepo huo si wa mchezo. Kofia pana ingeinuka, koti lingepepea. Ukiona mistari imelala namna hiyo na nguo za mzee zimetulia tuli, hapo ndipo picha inaposema uongo, na mtazamaji ataona kuna kitu hakijakaa sawa hata asipojua ni kipi. Ama isimamishe mistari kwa "nearly vertical rain", ama mfanye mzee ashike kofia yake kwa mkono mmoja. Mimi ningechagua la pili, mkono kwenye kofia unaongeza hadithi.

Usichanganye mvua kubwa na neno ukungu kwenye prompti moja. Mvua kubwa tayari ina utando wake kwa mbali, na modeli ikisikia yote mawili inarudi kule kwenye shuka.

Vumbi sasa, ambalo halihitaji maneno mengi kwa sababu sehemu ya kazi imeshafanyika.

Upepo ukipita kwenye ardhi kavu unatenganisha mizigo. Chembe nzito za mchanga zinarukaruka karibu na ardhi, nyingi haziwezi hata kufika magotini. Vumbi laini ndilo linalopanda juu na kuelea muda mrefu. Kuna tabaka mbili basi, na kwa kumwacha mhusika aonekane, ile ya chini ndiyo rafiki yetu: mkanda mzito unaotiririka barabarani kwenye vifundo vya miguu na kwenye spoku, juu yake hewa iliyo karibu wazi, na kule nyuma utando wa rangi ya udongo. Uso uko juu ya mkanda. Hakuna cha kuuficha.

```
old man pushing a bicycle, wide black hat, face sharp,
low stream of dust blowing left to right across the road
at ankle height, backlit, wheels half lost in it,
upper body clear, blue jacket still blue,
trouser cuffs and hat pulled to the right
```

Ukiandika "dust" au "dusty" peke yake utapata kimojawapo kati ya viwili. Cha kwanza ni chembe zinazometameta hewani kila mahali, uzuri wa kwenye kadi za harusi, hazina upepo wala uzito. Cha pili ni picha nzima kugeuka rangi ya chai, pamoja na ngozi na anga na meno. Koti la buluu liko hapo kwa ajili ya hilo la pili. Chota rangi yake, kidude kilekile hutoa namba tofauti za nyekundu, kijani na buluu: kama namba ya buluu bado iko juu ya nyekundu, vumbi limekaa kwenye hewa. Kama nyekundu imeipita, modeli imepaka kichujio tu, na uso wa mzee umepakwa pia. Kusema "blue jacket still blue" kunasaidia kuliko unavyodhania, kwa kuwa kunailazimisha modeli kutunza rangi baridi karibu na uso.

Mwelekeo nao utajwe, kushoto kwenda kulia au kinyume chake, na nguo zifuate. Ukungu hauhitaji mwelekeo na mvua inaweza kuishi bila huo, lakini vumbi lisilo na upande linakotoka linageuka moshi, na mtazamaji anaanza kutafuta moto uko wapi.

Kwa wanaotengeneza video, agizo hilo la mwelekeo lina uzito zaidi. Kwenye video za sekunde chache, vumbi lisilopewa njia huwa linapanda taratibu hadi sekunde ya tatu au ya nne limefika kidevuni, hata kama fremu ya kwanza ilikuwa safi. Andika kwamba linapita na kutoka nje ya fremu upande wa kulia, na kwamba kamera imetulia. Kamera ikianza kusogea mbele, inaingia yenyewe ndani ya vumbi, na mzee anapotea.